Maneno 143 katika slaidi moja: uchambuzi wa kisa cha saini ya pili

Kisa ninachokieleza kinahusu slaidi moja tu, ya tatu katika wasilisho lenye slaidi tisa, ambalo mwenzangu wa kazi alilitoa mbele ya kikao cha viongozi na wakuu wa vitengo kumi na mmoja. Alikuwa na ombi moja: utaratibu wa kudai saini ya pili kwa kila ombi la mteja, hata lililo dogo, uondolewe kwa maombi madogo. Ushahidi alikuwa nao, kwa kuwa alikwisha kupitia maombi 240 moja baada ya jingine na kuandika tarehe ya kila hatua. Hata hivyo kikao kilimalizika bila uamuzi, na mjumbe wa mwisho kuzungumza alimshukuru kwa kile alichokiita taarifa nzuri ya utangulizi. Ombi lenyewe halikutajwa na mtu yeyote.

Nilikuwa nimeketi safu ya nyuma. Aliponiomba siku iliyofuata tuichunguze slaidi ile pamoja, nilikubali mara moja, kwa sababu niliona kwa macho yangu mahali wasomaji walipoiacha. Hivi ndivyo ilivyosomeka, bila kubadilishwa neno:

> Utangulizi na Hali ya Uchakataji wa Maombi
>
> • Katika kipindi cha miezi mitatu iliyopita, idara yetu ilifanya zoezi la upitiaji wa maombi 240 yaliyowasilishwa na wateja kwa lengo la kubaini sababu zinazopelekea kuchelewa kwa utoaji wa majibu.
>
> • Imebainika kwamba kwa wastani ombi moja huchukua muda wa siku 9 za kazi tangu kupokelewa hadi kutolewa kwa majibu, ilhali lengo lililowekwa na idara ni siku 4.
>
> • Kati ya siku hizo, siku 6 hutumika katika kusubiri saini ya pili ya meneja, ambayo kwa sasa inahitajika kwa maombi yote bila ya kujali ukubwa au udogo wa kiasi kinachoombwa na mteja.
>
> • Takriban maombi 180 kati ya 240 yaliyopitiwa ni maombi madogo, na katika maombi hayo madogo hakuna hata moja ambalo lilikataliwa katika hatua ya saini ya pili.
>
> • Hivyo basi, inapendekezwa kuwa uongozi uangalie uwezekano wa kufanya mapitio ya utaratibu huo ili kuweza kuboresha utoaji wa huduma kwa wateja wetu.

Ukihesabu kichwa na vitone vyote vitano, unapata maneno 143. Mtu akiyasoma kwenye karatasi, akiwa ametulia na hakuna anayemsemesha, hayamsumbui hata kidogo. Ni aya moja ya kawaida. Tatizo ni kwamba hayakusomwa kwenye karatasi.

Walipoiacha

Slaidi ilikaa kwenye skrini kwa sekunde 70 hivi. Kwa sekunde za mwanzo karibu kila mtu aliinua macho na kuanza kusoma, wakati mzungumzaji mwenyewe alikuwa bado anaeleza jinsi maombi yalivyokusanywa, yaani jambo lililomo katika kitone cha kwanza lakini kwa maneno tofauti na yale yaliyoandikwa. Hapo ndipo mvutano ulipoanzia. Kusoma ni lugha na kusikiliza ni lugha pia, na mtu hawezi kuzifuata sentensi mbili tofauti kwa wakati mmoja. Lazima aiache moja. Anayechagua kusoma humtangulia mzungumzaji, kwa sababu macho hupita juu ya maneno kwa kasi kuliko ulimi unavyoyatamka, na sauti inayomfikia wakati huo humkatiza tu. Anayechagua kusikiliza huuona ukuta wa maandishi mbele yake na kuanza kuhofu kwamba kuna jambo linalompita.

Ilipofika kama sekunde ya ishirini, vichwa vilianza kushuka. Wawili waliinua simu wakaipiga picha slaidi, kisha wakaacha kuitazama. Ishara hiyo watu wengi huitafsiri kama dalili ya kuvutiwa, nami huitafsiri kinyume: mtu anayepiga picha amekwisha kuamua kwamba hataweza kumaliza kusoma hapo alipo, na amejiahidi kusoma baadaye. Ishara nyingine ilionekana katika maswali. Mjumbe mmoja aliuliza lengo la idara ni siku ngapi, na jibu lilikuwa limeandikwa mbele yake, mwishoni mwa kitone cha pili. Swali lake halikuwa la uzembe. Lilionyesha kwa usahihi mkubwa kwamba macho yake yaliishia kabla ya mwisho wa kitone hicho, na kwamba vitone vitatu vya chini, vilivyobeba hoja yote, hakuvifikia kabisa.

Nikiulizwa leo slaidi inabeba maneno mangapi kabla ya msomaji kuiacha, sitatoa idadi moja ya kutumika kila mahali. Nitauliza kwanza itakuwa kwenye skrini kwa muda gani kabla mzungumzaji hajaanza kusema jambo lingine. Huo ndio muda halisi wa kusoma, na kwa kawaida hauzidi sekunde kumi au kumi na tano, kwa sababu wazungumzaji wachache sana huvumilia kimya kirefu kuliko hicho. Njia ya kupima ni rahisi: mpe mtu ambaye hajawahi kuiona slaidi, mwombe asome kimyakimya na kuinua mkono anapomaliza, nawe utazame saa. Tulipofanya hivyo kwa slaidi hii, aliyesoma kwa haraka kuliko wote alihitaji sekunde 50, akiwa peke yake na bila sauti ya mtu mwingine. Kwa hiyo maandishi yalikuwa mara tatu hadi tano ya yale ambayo nafasi iliyokuwapo ingeweza kubeba.

Kuna kanuni maarufu isemayo mistari sita yenye maneno sita kila mmoja. Sina ugomvi na nia yake, lakini kwa Kiswahili hesabu hiyo inapotosha. Neno moja kama *hawatatusubiri* limebeba mtendaji, wakati, ukanushi na mtendwa, ilhali katika *kuchelewa kwa utoaji wa majibu* maneno mawili kati ya matano ni viunganishi tu. Kwa kipimo cha maneno, anayeandika kwa vitenzi vilivyokamilika na anayerundika majina kwa *wa*, *ya* na *kwa* hawawezi kulinganishwa. Saa haina tatizo hilo.

Kile ambacho programu ilitangulia kukisema

Kabla ya mtu yeyote kuiona, slaidi yenyewe ilikuwa imekwisha kutoa onyo. Katika PowerPoint, kiolezo cha kawaida huanza na maandishi ya pointi 28 katika sehemu ya maelezo, na maandishi yakizidi nafasi, programu huyapunguza yenyewe ili yaenee. Mwenzangu alipokuwa akiandika kitone cha nne na cha tano, fonti ilishuka polepole hadi pointi 18, naye hakutambua, kwa kuwa kwenye kompyuta yake, umbali wa mkono mmoja kutoka usoni, pointi 18 husomeka vizuri.

Katika ukumbi hali ilikuwa nyingine. Picha ya projekta ilikuwa na kimo cha mita moja na nusu, na safu ya nyuma ilikuwa mita tisa kutoka ukutani, yaani mara sita ya kimo hicho. Slaidi ya kawaida ina kimo cha pointi 540, kwa hiyo herufi ndogo kama *a* au *n* katika fonti ya pointi 18, ambayo kimo chake ni karibu nusu ya ukubwa wa fonti, ilionekana ukutani ikiwa na sentimita mbili na nusu tu. Mwenye macho mazuri huweza kuitambua akikaza macho, lakini kutambua herufi si sawa na kusoma mistari kumi na mitano ya herufi hizo. Nami niliyekuwa nyuma nakiri kwamba kitone cha tano nilikisoma kesho yake.

Kipimo cha jambo hili hakihitaji ukumbi. Uwiano ndio unaohesabiwa: ukiijaza skrini ya kompyuta kwa slaidi, pima kimo chake, kizidishe mara sita, kisha simama umbali huo. Kwa skrini yenye kimo cha sentimita 19, utasimama zaidi kidogo ya mita moja. Usichoweza kukisoma hapo bila kuinama mbele, wa safu ya nyuma hatakisoma. Programu inapoanza kupunguza fonti yenyewe, basi, tatizo la kushughulikia ni idadi ya maneno. Kuirudisha fonti kwa mkono na kupanua kisanduku hadi pembezoni mwa slaidi kunaacha tatizo palepale.

Kwa nini mahali pa jambo ni muhimu kama idadi

Kitu cha pili nilichokiona ni mpangilio. Slaidi ilianza na jambo ambalo kila mjumbe alilijua, yaani kwamba mapitio yalifanyika, ikaishia na jambo pekee ambalo hawakulijua. Msomaji anayeishia njiani huishia juu. Hakuna anayeanza chini. Kwa hiyo slaidi ndefu haipotezi sehemu yoyote ile kwa bahati, bali hupoteza mwisho wake, na waandishi wengi wa Kiswahili rasmi, kwa sababu ya malezi ya insha na barua, tunaweka ombi mwishoni.

Mfano mzito unaojulikana wa jambo hili ni slaidi iliyoandaliwa wakati chombo cha anga cha Columbia kilipokuwa bado angani mwezi Januari 2003, baada ya kipande cha povu kupiga bawa lake wakati wa kuruka. Slaidi ilijaa vitone ndani ya vitone. Kichwa chake kilitoa picha ya kutuliza, ilhali mstari wa chini kabisa ndio ulioonyesha kwamba kipande kilichopiga bawa kilikadiriwa kuwa na ujazo wa inchi za ujazo 1,920, wakati data ya majaribio iliyotegemewa ilihusu vipande vya inchi za ujazo 3, tofauti ya mara 640. Chombo kiliangamia tarehe 1 Februari 2003 pamoja na watu saba waliokuwamo, na bodi iliyochunguza ajali hiyo iliichapisha slaidi hiyo ndani ya ripoti yake na kueleza jinsi ilivyoificha hatari. Silinganishi uzito wa visa hivi viwili. Ninalolinganisha ni mahali: katika vyote viwili, namba iliyokuwa na maana kuliko zote iliwekwa pale ambapo macho hufika mwisho, kama yakifika.

Upunguzaji wa kwanza, ulioshindwa

Mwenzangu hakungoja. Aliponifikia alikuwa amekwisha kuipunguza, naye aliniletea toleo hili akiwa na matumaini:

> Hali ya Maombi
>
> • Mapitio: maombi 240
>
> • Muda: siku 9
>
> • Changamoto: saini ya pili
>
> • Maombi madogo: 180
>
> • Mapendekezo: kuboresha utaratibu

Yamebaki maneno machache sana, na fonti imerudi kwenye pointi 28. Hata hivyo slaidi hii ni mbaya kuliko ile ya kwanza, na nilimwambia hivyo bila kuzunguka. Ile ya kwanza ilikuwa na hoja iliyofichwa. Hii haina hoja. *Changamoto: saini ya pili* haisemi kama saini inakosekana, inaghushiwa, inachelewa au ni nyingi mno. *Maombi madogo: 180* ni namba isiyo na kitenzi, na msomaji hawezi kujua kama afurahi au asikitike. Mjumbe akiipiga picha na kuirejea baada ya wiki moja, atabaki na orodha ya vitu vilivyozungumzwa, bila kujua nini kilisemwa juu yake.

Kosa hili ni la kawaida kwa sababu watu hudhani kupunguza maandishi ni kuondoa maneno hadi yabaki majina. Vitenzi ndivyo huondoka kwanza, kwa kuwa vinaonekana virefu. Lakini katika Kiswahili kitenzi ndicho chombo cha kubana maana kuliko vyote tulivyo navyo, na anayekiondoa ili apate nafasi amekitupa kilichokuwa kikimwokolea nafasi.

Upunguzaji wa pili: kurudisha vitenzi

Tuliirudia slaidi ya mwanzo, ile ya maneno 143, tukaisoma kitone kwa kitone tukitafuta mahali ambapo tendo limegeuzwa kuwa jina. Yalikuwa kila mahali. *Ilifanya zoezi la upitiaji wa maombi* ni *ilipitia maombi*. *Kutolewa kwa majibu* ni *kujibiwa*. *Kufanya mapitio ya utaratibu* ni *kupitia utaratibu*. Kila mara muundo ni uleule: kitenzi cha kweli hugeuzwa jina, kisha huletwa kitenzi kitupu kama *kufanya* au *kutoa* ili sentensi isimame, kisha *wa* au *ya* kuviunganisha. Ukirudisha kitenzi, maneno mawili hadi manne hutoweka na hakuna maana inayopotea.

Baada ya hapo tulitazama maneno yanayorudia kile ambacho jirani yake amekwisha kukisema. *Muda wa siku 9* ni *siku 9*, kwa sababu siku ni muda. *Miezi mitatu iliyopita* haihitaji *katika kipindi cha*. *Ili kuweza kuboresha* haipungukiwi na kitu ikiwa *ili kuboresha*. *Saini ya pili ya meneja, ambayo kwa sasa inahitajika* hufupika kuwa *saini ya pili inayohitajika*, maana Kiswahili kinaweza kuingiza urejeshi ndani ya kitenzi. Na *takriban* lilikuwa kosa hasa, kwa kuwa maombi madogo yalihesabiwa na yalikuwa 180 kamili. Neno hilo liliongeza urefu na kupunguza ukweli. Neno *zinazopelekea* nalo tulilitaka liwe *zinazosababisha*, ingawa hatimaye sentensi yake yote iliondoka.

Niongeze tahadhari moja hapa. Kubana ndani ya kitenzi kuna kikomo chake, kwani *yaliyokwishawasilishwa* ni neno moja kwa hesabu, lakini kwa macho yaliyo mita tisa mbali ni mlolongo wa herufi ishirini na mbili unaomlazimu msomaji asimame. Neno la namna hiyo likijitokeza, ni afadhali kuligawa, hata kama idadi ya maneno itapanda.

Kilichokuwa kigumu zaidi ni kitone cha tano. *Inapendekezwa kuwa uongozi uangalie uwezekano wa kufanya mapitio ya utaratibu huo*: nani anapendekeza, nani atende nini, na lini? Nilimuuliza anataka nini hasa, naye akajibu bila kusita, kwa sauti, kwamba maombi madogo yasihitaji saini ya pili. Nikamwambia aandike hivyohivyo. Alisita.

"Kaka, si nitaonekana nawaamuru wakubwa?"

Hofu yake ni ya haki na nisingependa kuipuuza. Heshima katika Kiswahili ina maumbo yake, na sentensi ya amri juu ya skrini inaweza kumkwaza aliyetarajia kuombwa. Lakini heshima hiyo ina mahali pake pazuri zaidi, ambapo ni kinywani mwa mzungumzaji. Anaweza kusimama na kusema, "Tunaomba kikao kitufikirie katika jambo hili," wakati skrini nyuma yake inalitaja jambo lenyewe. Tena hali ya dhamira katika *yasihitaji* haimwamuru mtu. Inaeleza hali inayoombwa, na lugha yetu huitumia hivyo kila siku. Alikubali, na maneno sita yale tuliyapandisha kutoka mwisho wa slaidi hadi kwenye kichwa, mahali ambapo macho huanzia.

Pengo lililojitokeza

Kichwa kilipokuwa sentensi kamili, kazi ya kuamua kipi kibaki ilikuwa nyepesi, maana kila kitone kililazimika kujibu swali moja: je, kinakitetea kichwa? Kitone cha kwanza hakikukitetea. Kilieleza jinsi kazi ilivyofanyika, na hilo linatosha kusemwa kwa mdomo. Kikaondoka chote, maneno 29 kwa mara moja, na hakuna hila ya sarufi inayoweza kuleta nafuu kubwa namna hiyo.

"Nikiondoa hilo wataniuliza namba zimetoka wapi," alisema.

"Wakikuuliza, dada, utakuwa umepata nafasi ya kuwaeleza wakiwa wanasikiliza."

Kitone cha pili na cha tatu vilibaki, lakini vilipofupishwa na kuwekwa chini ya kichwa kile, kasoro ikaonekana ambayo maneno mengi yalikuwa yameifunika. Kichwa kinazungumzia maombi madogo. Siku 9 na siku 6 ni wastani wa maombi yote 240, makubwa yakiwemo. Je, maombi madogo nayo husubiri siku 6? Katika slaidi ya kwanza hakuna ambaye angeuliza, kwa kuwa namba hizo na neno *madogo* zilitenganishwa na mistari mitano. Sasa zilikaribiana kiasi kwamba swali lilikuwa halikwepeki.

Alirudi kwenye daftari lake, akayatenga maombi 180 na kuyapigia hesabu upya. Maombi madogo yalichukua wastani wa siku 8, na siku 5 kati ya hizo yalikuwa yakisubiri saini ya pili. Yale 60 makubwa yalichukua siku 12, na 9 kati ya hizo zilikuwa za kusubiri. Ukichanganya makundi yote mawili unapata zile siku 9 na 6 za mwanzo, kwa hiyo hakuwa amekosea. Alikuwa ametumia namba ya jambo lingine. Hesabu mpya ilidhoofisha hoja kidogo kwa upande mmoja, maana 8 ni ndogo kuliko 9, lakini iliiimarisha pale palipohitajika: ukiondoa siku 5 za kusubiri, ombi dogo hujibiwa kwa siku 3, ndani ya lengo la siku 4. Hivi ndivyo slaidi ilivyotoka:

> Maombi madogo yasihitaji saini ya pili
>
> • Ombi dogo huchukua siku 8. Lengo ni siku 4.
>
> • Siku 5 kati ya hizo linasubiri saini ya pili.
>
> • Maombi madogo 180 yalifika hapo, hakuna lililokataliwa.

Ni maneno 31 pamoja na kichwa. Mtu asiyeijua aliisoma kwa sekunde kumi na moja. Kila kitone kinaenea katika mstari mmoja kwa pointi 28, na kwa kuwa nafasi ilibaki, tuliipandisha fonti hadi 32. Tulifikiria pia kuvionyesha vitone kimoja kimoja kwa kubofya, njia ambayo humzuia msomaji asimtangulie mzungumzaji, lakini kwa mistari mitatu haikuwa na faida, na kwa slaidi ya mwanzo ingegawanya tu ukuta uleule kuwa vipande.

Maneno 112 yalikwenda wapi

Sehemu yake ilikuwa mafuta matupu na haikwenda popote. Iliyobaki ilikuwa na kazi, ila si kwenye skrini: jinsi maombi yalivyochaguliwa, maana ya ombi dogo kwa mujibu wa kanuni zao, namba za maombi makubwa. Hizo aliziandika katika sehemu ya maelezo ya mzungumzaji, chini ya slaidi, ambayo wasikilizaji hawaioni.

Hapo ndipo alipokiri sababu halisi ya kuijaza slaidi ile tangu mwanzo. Mafaili ya mawasilisho hutumwa kwa wajumbe wasiofika, na aliogopa kwamba asiyehudhuria asingeelewa. Naona sababu hii ndiyo inayozalisha slaidi nyingi nzito kuliko uvivu au kutojua. Faili moja linatakiwa kufanya kazi mbili zinazopingana: kusindikiza sauti ya mtu, na kusimama badala ya sauti hiyo. Slaidi ya kusomwa peke yake inaweza kubeba maneno 143 bila taabu, kwa kuwa msomaji ndiye anayeishika saa. Iliyo nyuma ya mzungumzaji haiwezi. Suluhisho lililomfaa lilikuwa ukurasa mmoja wa maelezo kamili, wenye sentensi ndefu alizozipenda na jedwali la makundi yote mawili, uliotumwa kwa barua pepe saa moja baada ya kikao. Hakuutuma kabla, wala hakuugawa mlangoni, kwa sababu karatasi iliyo mkononi hushindana na mzungumzaji kama slaidi iliyojaa.

Alipata nafasi ya pili katika kikao cha mwezi uliofuata. Nilimwomba jambo moja tu la ziada: akiionyesha slaidi, anyamaze na kuhesabu moyoni hadi kumi kabla ya kufungua kinywa. Aliniambia baadaye kwamba sekunde zile zilimwia ndefu mno. Kutoka nyuma sikuona urefu wowote. Niliona vichwa kumi na moja vikisoma, kisha kimoja baada ya kingine vikimgeukia yeye. Hakuna aliyepiga picha. Swali la kwanza halikuhusu kilichoandikwa bali lilikwenda mbele yake: mjumbe mmoja alitaka kujua kitu gani kitamzuia mtu kuligawa ombi kubwa katika maombi madogo matatu ili alikwepe jicho la meneja. Lilikuwa swali gumu, na walilijadili kwa dakika ishirini, mwisho wakakubaliana kwamba mteja mmoja asiwe na zaidi ya ombi dogo moja bila saini hiyo katika mwezi, na kwamba mpango ujaribiwe kwa miezi miwili. Katika kumbukumbu za kikao, katibu aliuandika uamuzi kwa maneno sita ya kichwa kile kama yalivyokuwa kwenye skrini, kisha akaongeza sharti na muda.